Jinsi ya Kusoma Slipu ya Mshahara wa Kwanza



Kabla ya kurudi chuoni kwa shahada ya pili nilifanya kazi miaka minne kwenye ofisi ya mishahara, na kwa sababu hiyo wenzangu wa jumuiya wamenipa kazi ya Jumamosi baada ya swala ya alasiri: kukaa na wanafunzi wa mwaka wa mwisho, pamoja na wale waliokwisha kuhitimu, tukisoma slipu zao za mshahara. Wengi huja na swali moja tu, nalo ni hili: kwa nini fedha iliyoingia benki ni ndogo kuliko ile waliyoambiwa siku ya usaili? Ni swali zuri, lakini slipu ina majibu ya maswali mengine ambayo mtu hajayauliza, na mara nyingine hayo ndiyo yenye hasara kubwa zaidi.

Nitaeleza kwa slipu moja. Mwenyewe ameniruhusu kuitumia bila jina lake wala la shule. Ni dada aliyehitimu ualimu, akaanza kufundisha shule ya binafsi wilayani Wakiso mwezi Novemba 2024. Alinijia Jumamosi ya tarehe 22 Machi 2025, sote tumefunga, akaiweka slipu ya Februari mezani na kusema, "Kaka, hii kodi wameniibia. Laki mbili na kitu kwa mwalimu wa mwaka wa kwanza?"

Slipu yenyewe ilisomeka hivi:

```
Basic Pay              800,000
Housing Allowance      150,000
Transport Allowance    100,000
GROSS PAY            1,050,000

PAYE                   217,000
NSSF 5%                 40,000
Salary Advance         100,000
TOTAL DEDUCTIONS       357,000

NET PAY                693,000

Employer NSSF 10%       80,000
```

Kabla ya kugusa tarakimu yoyote, tazama kichwa cha slipu. Pale juu pana jina lako, mwezi unaolipwa, namba yako ya mlipakodi ambayo huandikwa TIN, na namba yako ya uanachama katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF. Linganisha namba hizo mbili na zile ulizonazo wewe, tarakimu kwa tarakimu. Tarakimu moja ikikosewa, fedha inaweza kukatwa kila mwezi kama kawaida na isionekane kwenye akaunti yako, na mwajiri ataapa kwamba ameipeleka. Za dada huyu zilikuwa sahihi, tukaendelea.

Mstari wa kwanza wa kuelewa ni GROSS PAY, yaani mshahara ghafi. Huo ni jumla ya mshahara wa msingi na posho zote kabla ya kukata chochote. Hapa ni 800,000 na 150,000 na 100,000, jumla 1,050,000. Posho ya nyumba na ya usafiri zikilipwa kwa fedha kila mwezi pamoja na mshahara, zimo ndani ya mshahara ghafi na zinatozwa kodi kama sehemu nyingine yoyote. Jambo jingine kabisa ni fedha unayorudishiwa baada ya kutumia ya mfukoni kwa kazi ya mwajiri, kwa mfano nauli ya kuwapeleka wanafunzi mashindanoni ukaleta risiti. Hiyo si malipo yako, ni deni umelipwa. Kumbuka tofauti hii, maana tutairudia.

Sasa tuje kwenye PAYE, kodi ya mapato ambayo mwajiri huikata kwenye mshahara na kuipeleka Mamlaka ya Mapato ya Uganda. Dada alikuwa amesikia kwamba kodi ni asilimia 30, akapiga asilimia 30 ya mshahara wote, akapata 315,000. Kisha akaona wamekata 217,000, na badala ya kufurahi akazidi kushuku, kwa kuwa hakuona namba hiyo ilikotoka. Hapo namwelewa. Namba usiyojua ilikotoka huwezi kuiamini hata ikiwa inakupendelea.

Kodi hii hukatwa kwa ngazi. Kwa viwango vilivyotumika kwenye slipu hii, shilingi 235,000 za kwanza za mwezi hazitozwi kitu. Kutoka 235,000 hadi 335,000 unatozwa asilimia 10 ya kile kilichomo ndani ya ngazi hiyo tu. Kutoka 335,000 hadi 410,000 ni asilimia 20 ya kilichomo humo. Kinachozidi 410,000 hutozwa asilimia 30. Kuna ngazi nyingine ya wanaopata zaidi ya milioni 10 kwa mwezi, lakini hao hawaji kwangu Jumamosi.

Tuipande ngazi pamoja. Laki moja iliyomo katika ngazi ya pili, kwa asilimia 10, ni 10,000. Shilingi 75,000 zilizomo katika ngazi ya tatu, kwa asilimia 20, ni 15,000. Kwa hiyo kila mtu anayepata zaidi ya 410,000 amekwisha kudaiwa 25,000 kabla hajafika kwenye asilimia 30. Kisha tunachukua mshahara ghafi, 1,050,000, tunaondoa 410,000, zinabaki 640,000. Asilimia 30 yake ni 192,000. Ongeza zile 25,000 na utapata 217,000, kama ilivyoandikwa kwenye slipu, bila shilingi moja kupungua wala kuzidi.

Ofisini tulikuwa na njia ya mkato ya kuhakiki haraka. Piga asilimia 30 ya mshahara ghafi wote, halafu toa 98,000. Kwa dada huyu ni 315,000 kutoa 98,000, jibu ni 217,000 vilevile. Hizo 98,000 ni nafuu unayoipata kwa sababu ngazi za chini hazikutozwa asilimia 30. Njia hiyo inafaa kwa mshahara wowote kati ya 410,000 na milioni 10, na inaingia kichwani kirahisi. Viwango vyenyewe huwekwa na Bunge, na mwaka wa fedha wa Uganda huanza tarehe 1 Julai, hivyo kila Julai uliza kama ngazi zimeguswa kabla ya kutumia hesabu ya mwaka uliopita.

Kwa hiyo kodi haikuwa wizi. Kwa jumla dada alilipa asilimia 20 na kidogo ya mshahara ghafi wake, si 30.

Wenzetu waliotoka Tanzania na Kenya huwa na swali la ziada hapa. Kwao mchango wa hifadhi ya jamii huondolewa kwanza, kisha kodi ikahesabiwa kwenye kinachobaki. Uganda haifanyi hivyo. Hapa kodi hupigwa kwenye mshahara ghafi wote, na mchango wa NSSF hukatwa ukiwa peke yake, haupunguzi kodi. Ukihesabu kwa mtindo wa nyumbani utapata kodi ya 201,250 kwa mshahara huu, pungufu ya 15,750, na utamshutumu mhasibu bure.

Nilipomaliza kodi, dada alipumua na kutaka kuikunja slipu. Nikamwomba asubiri, kwa sababu mstari uliofuata haukunipendeza.

Mstari huo ni NSSF 5%. Mfanyakazi huchangia asilimia 5, na mwajiri huongeza asilimia 10 kutoka mfukoni mwake, jumla asilimia 15. Asilimia hizo hupigwa kwenye malipo yote ya fedha anayopata mfanyakazi, posho zikiwemo. Sasa chukua asilimia 5 ya 1,050,000. Ni 52,500. Slipu inasema 40,000. Ukitaka kujua 40,000 imetoka wapi, igawe kwa 0.05, utapata 800,000. Ndio mshahara wa msingi. Shule ilichukua mstari wa kwanza peke yake na kuziacha posho zote mbili nje.

Hii ni kasoro ninayoiona mara nyingi kuliko nyingine yoyote, na ni vigumu kuigundua kwa sababu inamfurahisha mwenye slipu. Kwani kwa dada huyu imempa nini? Imemwongezea 12,500 mkononi kila mwezi. Nani ataenda kulalamika kwamba amekatwa kidogo? Lakini tazama chini ya slipu, mstari ambao wengi hawaufikii kwa kuwa uko baada ya NET PAY: Employer NSSF 10%, shilingi 80,000. Nao umepigwa kwenye 800,000. Ungepigwa kwenye mshahara ghafi ungekuwa 105,000. Kwa hiyo kila mwezi dada amebakiwa na 12,500 zake mwenyewe, na amekosa 25,000 za mwajiri ambazo zilikuwa haki yake. Mfuko umepokea pungufu ya 37,500 kila mwezi. Kwa miezi 12 ni 450,000, na 300,000 kati yake ni fedha ya shule ambayo haitamfikia kamwe asipoidai.

Ndiyo maana shule nyingine hupenda kuugawa mshahara, msingi mdogo na posho kubwa. Sisemi kila anayefanya hivyo ana nia mbaya. Wahasibu wengine wamerithi karatasi ya hesabu kutoka kwa aliyewatangulia, na fomyula ndani yake inasoma seli ya mshahara wa msingi badala ya ile ya jumla, basi mambo yanakwenda hivyo miaka. Athari kwako ni ileile.

Nilipofika hapo kijana mmoja pembeni akauliza habari ya faida ambayo Mfuko huigawa kwa wanachama kila mwaka, kama ni halali kuipokea. Hilo nimewaachia masheikh wetu, na ninashauri mtu alipeleke kwao mapema kuliko kungoja hadi siku ya kuchukua akiba. Ila mchango wenyewe, asilimia 5 na asilimia 10, ni jasho lako na sehemu ya ujira wako, na hesabu yake lazima iwe sawa, lolote utakalojibiwa kuhusu faida.

Kuna kasoro ya pili katika mstari huuhuu ambayo haikuwamo kwenye slipu ya dada lakini nimekwisha kuiona kwenye slipu za wengine. Mwajiri anakata asilimia 15 yote kwa mfanyakazi, na kuieleza kana kwamba ndivyo sheria isemavyo. Kwa mshahara huu utaona 157,500 kwenye makato. Sheria ya NSSF inakataza mwajiri kumkata mfanyakazi sehemu inayompasa mwajiri, na mkataba mliosaini hauwezi kuhalalisha jambo hilo. Kuitambua ni rahisi: gawanya makato ya NSSF kwa mshahara ghafi. Jibu likiwa 0.05 uko salama. Likiwa 0.15 umebeba mzigo wa mwenzio. Likiwa chini ya 0.05, kama la dada, posho zimeachwa nje.

Mstari mwingine unaoweza kuuona ni LST, kodi ya huduma za mtaa, inayokwenda kwa serikali ya wilaya au manispaa. Haikuwemo kwenye slipu hii, na ilikuwa sawa isiwemo. Kodi hiyo ni ya mwaka, hukatwa kwa awamu nne katika miezi ya kwanza ya mwaka wa fedha, Julai hadi Oktoba. Kiwango chake hufuata kipato, na cha juu kabisa ni 100,000 kwa mwaka. Ukianza kazi mwezi Juni na kupata mshahara wa Julai uliopungua, angalia kama ni huo mstari kabla ya kuogopa. Ukiikuta imekatwa Februari au Machi, uliza ni ya nini.

Salary Advance haikutuchukua muda. Dada alikopa 300,000 ya mshahara wa mbele mwezi Desemba, kwa makubaliano ya kukatwa 100,000 kwa miezi mitatu: Januari, Februari na Machi. Slipu hii haikuonyesha salio, na slipu nyingi za shule haziliandiki. Nikamwambia aandike mwenyewe kwa kalamu pembeni, "2 kati ya 3", ili ikifika Aprili mstari huo uwe umetoweka. Kompyuta ya mishahara iliyoelekezwa kukata itaendelea kukata hadi mtu aizuie, na huyo mtu anaweza kuwa likizo.

Tukajumlisha makato: 217,000, 40,000 na 100,000, jumla 357,000. Toa kwenye 1,050,000, zinabaki 693,000, na ndizo zilizoingia benki. Hesabu ya slipu ilifungana vizuri kabisa, na bado ilikuwa na kosa ndani yake. Watu wengi huhakiki kwa kujumlisha na kutoa tu, na namba zikifungana hutosheka. Kujumlisha kunaonyesha kwamba kompyuta haikukosea, hakuonyeshi kwamba namba zilizoingizwa zilikuwa sahihi. Slipu iliyo sawa ingekuwa na NSSF ya 52,500 na mshahara wa mkononi wa 680,500. Dada akanitazama. "Yaani nije kwako kulalamika, niondoke nimepungukiwa?" Mkononi, ndiyo.

Hapa niingize jambo moja kwa wale ambao bado hawajaajiriwa. Ukiitwa kwenye usaili na kutajiwa mshahara, uliza palepale kama ni ghafi au wa mkononi. Ukiambiwa ni ghafi, unaweza kujua wa mkononi bila karatasi ndefu: chukua asilimia 65 yake, ongeza 98,000. Kwa 1,050,000 ni 682,500 na 98,000, yaani 780,500 kabla ya mikopo yako binafsi. Ukiambiwa ni wa mkononi, rudi nyuma kwa njia hiyohiyo: toa 98,000, kisha gawa kwa 0.65. Mtu akikuahidi 650,000 mkononi, mshahara ghafi unaotakiwa kuandikwa kwenye mkataba ni kama 849,000. Mkataba ukisema 650,000 bila kueleza, mwisho wa mwezi utapokea 520,500, na ugomvi utaanza siku ya kwanza ya mshahara. Hesabu hii haina LST ndani yake, hivyo Julai hadi Oktoba itapungua kidogo.

Turudi mezani. Mpaka hapo tulikuwa tumesoma kile shule ilichosema imekata. Slipu haikuambii kama fedha hiyo imefika. Mwajiri anatakiwa kupeleka mchango wa NSSF kabla ya kupita tarehe 15 ya mwezi unaofuata mwezi wa mshahara, na PAYE vilevile tarehe 15. Mshahara wa Novemba una mwisho wake tarehe 15 Desemba, wa Desemba tarehe 15 Januari, na kuendelea. Tarehe hizi haziandikwi kwenye slipu, lakini bila kuzijua huwezi kujua lini uanze kuuliza.

Kwa hiyo tukafungua akaunti yake ya NSSF kwenye simu, tukaitoa taarifa ya michango. Usitazame salio peke yake, maana salio hukuambia una kiasi gani, halikuambii ni mwezi gani uliokosekana. Tazama orodha ya michango, mwezi kwa mwezi, na uisome ukiwa na slipu mkononi.

Ya dada ilikuwa na mstari mmoja tu. Novemba 2024, shilingi 120,000. Hiyo ni asilimia 15 ya 800,000, kwa hiyo ilithibitisha tulichokiona kwenye slipu: posho hazikuhesabiwa tangu mwanzo. Desemba haikuwepo. Januari haikuwepo. Februari haikuwepo, na ilikuwa tarehe 22 Machi, siku ya mwisho ya mchango wa Februari imeshapita kwa wiki nzima.

Tukaandika kwenye karatasi. Miezi mitatu haijafika. Kila mwezi ulitakiwa kuwa 157,500, hivyo ni 472,500. Novemba ilipungua 37,500. Jumla 510,000 ambazo zilipaswa kuwa kwenye akaunti yake na hazikuwepo. Ndani ya hizo kulikuwa na 120,000, yaani 40,000 mara tatu, ambazo zilikwisha kukatwa kwenye mshahara wake. Hizo ni nzito kuliko nyingine zote. Mwajiri aliyechelewa kutoa asilimia 10 yake amechelewesha fedha yake. Aliyekata asilimia 5 ya mwalimu na kukaa nayo amekaa na amana ya mtu. Faini ya kuchelewa humwangukia mwajiri, haihusu mfanyakazi, na hiyo ni hoja inayosaidia kwenye mazungumzo, kwa sababu kila siku anayochelewa inamgharimu yeye.

Sikumshauri dada aende kwa hasira. Nilimshauri aende na karatasi tatu: mkataba unaotaja mshahara wa msingi na posho, slipu nne kuanzia Novemba hadi Februari, na taarifa ya NSSF iliyochapishwa ikiwa na tarehe. Pia nilimwomba atenganishe malalamiko mawili, kwa kuwa yana majibu tofauti. La kwanza ni michango iliyokatwa na haikufika. Hilo halina mjadala, slipu ya shule yenyewe ndiyo ushahidi. La pili ni posho kuachwa nje. Hilo linaweza kuwa kosa la fomyula, na mhasibu apewe nafasi ya kuliona bila kuvuliwa nguo mbele ya mwalimu mkuu. Ukiyachanganya, mtu atajibu lile jepesi na kulinyamazia lile zito.

Alikwenda baada ya Idi. Alivyonisimulia, mhasibu alikiri la kwanza palepale: wazazi walichelewa kulipa karo muhula uliopita, shule ikalipa mishahara na kuacha michango ingoje. Ni sababu ya kweli na inatokea shule nyingi, lakini si ruhusa. Kuhusu posho, alisema siku zote alielewa kwamba NSSF ni ya mshahara wa msingi. Dada akamwonyesha kwamba PAYE aliipiga kwenye 1,050,000. Kama posho ni malipo kwa ajili ya kodi, mbona si malipo kwa ajili ya NSSF? Mhasibu akacheka kidogo, akasema ataangalia.

Mwisho wa Aprili michango ya Desemba, Januari na Februari ilikuwa imeingia, kila mmoja 120,000. Mchango wa Machi uliingia kwa wakati, 157,500. Maana yake fomyula imerekebishwa. Zile 37,500 za miezi minne ya kwanza, jumla 150,000, bado hazijaonekana. Dada ameandika barua moja kwa shule akiziomba, kwa adabu, akiambatanisha taarifa mpya. Ikipita miezi miwili bila jibu atazipeleka karatasi zilezile kwenye ofisi ya NSSF iliyo karibu naye, ambayo ina maafisa wenye mamlaka ya kukagua vitabu vya mwajiri. Walimu wenzake wawili walioanza naye Novemba wameomba kukaa nasi Jumamosi ijayo. Nimewaambia waje na slipu zote, si ya mwezi uliopita peke yake.